Rafu Fupi, Asubuhi Ndefu: Kubadilisha Darasa la Watoto Wadogo Buyenzi

Kabla ya kugusa chochote darasani kwako, fanya jaribio hili dogo. Watoto wakimaliza kuimba "ba, be, bi, bo, bu", funika ubao kwa karatasi ubakize silabi moja tu, "bo", kisha mwite mtoto mmoja akuambie anaona nini. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza katika chumba chetu cha Buyenzi, nilimwita msichana wa miaka 5 aliyekuwa akiimba kwa sauti kuliko wenzake wote. Alitazama ubao, akakunja kidole cha kwanza akasema "ba", cha pili "be", cha tatu "bi", mpaka akafika. Hakuwa anasoma. Alikuwa anapanda ngazi aliyoikariri, na ukimweka katikati ya ngazi hajui yuko wapi.

Msichana yule hakuwa na kasoro. Alikuwa amefanya kila tulichomwomba kwa miaka miwili. Huo ndio utaratibu wa materneli nyingi hapa Bujumbura, na wa chekechea nyingi za Afrika Mashariki: mwalimu anasimama mbele, wote wanatazama upande mmoja, wote wanafanya jambo moja kwa wakati mmoja, na kengele au makofi ya mwalimu ndiyo yanayosema sasa tunaanza na sasa tunaacha. Mwongozo huu ni kwa mwalimu au mwenye shule anayetaka kujaribu njia nyingine, ile inayoitwa ya Montessori, ambapo chumba kinaandaliwa ili mtoto achague kazi yake mwenyewe, aifanye kwa mikono yake na airudie mpaka ashibe, huku mwalimu akimwonyesha mmoja mmoja. Nitakaa kwenye mambo matatu tu: muda wa asubuhi, rafu, na herufi.

Najua jibu la kwanza utakalonipa, kwa sababu na mimi nilijipa hilo: madarasa yetu yamejaa na vifaa hatuna. Basi kumbuka njia hii ilianzia wapi. Daktari Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Watoto walikuwa takriban 50, wazazi wao wakishinda kazini. Na karibu nasi zaidi, huko Mombasa katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said aliongoza mpango wa shule za awali za madrasa kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan. Mpango ule ulienea Zanzibar na Uganda. Haukuwa Montessori kamili, lakini watoto walichagua kazi kwenye kona zilizoandaliwa, na vifaa vilitoka mtaani: vifuu vya nazi, vizibo, mbegu, vitambaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha watoto wa shule hizo na watoto wa shule nyingine za awali na wale waliobaki nyumbani. Waliosoma popote waliwapita waliobaki nyumbani, na wa madrasa wakawapita wenzao wa shule nyingine.

Isitoshe, mzazi wa Buyenzi ameshaona nusu ya njia hii tangu utotoni bila kuipa jina. Katika chuo cha Kurani cha zamani, kila mtoto ana somo lake. Wa miaka 6 na wa miaka 10 wanakaa mkeka mmoja, mkubwa anamsikiliza mdogo, na mwalimu anamwita kila mmoja kwa zamu amsomee pale alipofika. Hakuna anayengojwa, hakuna anayeburutwa. Mzazi akikuuliza kwa nini unachanganya wa miaka 3 na wa miaka 6 katika chumba kimoja, mkumbushe chuo chake.

Anza na muda

Wengi huanza kwa kutafuta vifaa. Anza na ratiba, maana vifaa vizuri ndani ya ratiba iliyokatwakatwa havifanyi kazi.

Ratiba yetu ya zamani ilianza saa 1:30 asubuhi na kumalizika saa 5:30, na saa hizo nne zilikuwa zimekatwa vipande vinane: sala na kujipanga, nyimbo, lugha, hesabu, uji, kucheza nje, kuchora, hadithi. Kila kipande kilikuwa kama dakika 30. Toa humo dakika za kugawa madaftari, kunyamazisha na kukusanya madaftari, mtoto anabaki na dakika 12 au 15 za kazi yenyewe. Mtoto mdogo anahitaji karibu muda huo kuzama tu. Kwa hiyo kila alipoanza kuzama, tulimtoa.

Ratiba mpya ni hii. Saa 1:30 hadi 1:50 tunasalimiana na kukaa kwenye duara. Kuanzia saa 1:50 hadi saa 4:20 ni kazi, saa mbili na nusu bila kengele. Montessori alitaka saa tatu, sisi tulipata hizo. Uji hauvunji kazi: upo kwenye meza ndogo pembeni yenye viti viwili, na mtoto akisikia njaa anakwenda, anajimiminia kikombe kimoja, anakunywa, anaosha kikombe na kukirudisha. Saa 4:20 wanatoka nje, na saa 4:50 hadi 5:30 tunakaa wote pamoja kwa nyimbo na hadithi.

Kipande hicho cha mwisho usikitupe. Ndicho kilicho bora katika utaratibu wa zamani. Mtoto anayetoka nyumba ya Kirundi tupu hujifunza Kiswahili chake kwenye duara, katika wimbo anaourudia na wenzake bila kuogopa kukosea. Rafu haitampa msamiati wa hadithi ya sungura. Niliwahi kuona shule iliyofuta duara lote kwa jina la uhuru wa mtoto, na watoto wake walikuwa kimya mno.

Usifungue saa mbili na nusu siku ya kwanza. Wiki ya kwanza chukua watoto 8 au 10 tu, wale watulivu na wawili wakorofi, kwa dakika 40, huku msaidizi wako akiwa na wengine uani kwa nyimbo na michezo. Kesho chukua kundi jingine. Kila wiki ongeza dakika 20 na watoto wachache. Baada ya wiki sita hivi chumba kizima kiko ndani, na tayari una watoto kumi wanaojua namna ya kukunja mkeka na kubeba sinia. Hao ndio watakaowafundisha wengine.

Sasa sikiliza kuhusu saa 3 asubuhi, kwa kuwa hapo ndipo walimu wengi wanapokata tamaa. Baada ya saa moja na kitu ya kazi, chumba huchafuka. Sauti zinapanda, watoto wanarudisha kazi rafuni na kuzurura, mmoja anaenda kwenye uji mara ya pili, wawili wanacheka bila sababu. Mkono wako unataka kupiga makofi na kusema basi, twendeni nje. Usipige. Montessori aliuona wakati huu akauita uchovu wa uongo. Watoto wamemaliza kazi nyepesi na wanatafuta kubwa. Kaa kwenye kiti chako kifupi, punguza sauti yako mwenyewe, ngoja dakika 10 hadi 15. Mara nyingi baada ya hapo ndipo mtoto huchukua kazi ngumu kuliko zote za siku ile na kukaa nayo muda mrefu.

Utajuaje kwamba si uchovu wa kweli? Tazama macho na sakafu. Katika uchovu wa uongo macho yanatembea rafuni na sinia zimerudishwa mahali pake. Katika uchovu wa kweli sinia zimeachwa sakafuni, watoto wanasukumana au wanalala juu ya mikeka, na chini ya bati letu kuelekea saa 4 joto pekee linatosha kuwamaliza. Hapo toka nao nje bila kungoja saa ya ratiba.

Rafu na maharage

Rafu yetu ni mbao tatu juu ya matofali. Ubao wa juu usipite kifua cha mtoto wa miaka 4, karibu sentimita 70 kutoka chini, na nyuma pawe ukuta ili isianguke. Kazi zipangwe kutoka kushoto kwenda kulia, rahisi kwanza, ngumu mwisho, na kila kazi ikae kwenye sinia yake yenye kila kitu inachohitaji. Sinia hazinunuliwi: chukua bidoni la mafuta la lita 5, likate ubavuni kwa urefu, ubakize ukingo wa vidole viwili, kisha funika makali kwa utepe wa gundi. Kila kazi iwe moja tu. Ukiweka jagi sita zinazofanana ili wasigombane, umeua somo la kungoja na umejaza chumba vitu visivyotunzwa.

Kazi ya kwanza iwe kumimina maharage. Tafuta vijagi viwili vidogo vinavyolingana, vya udongo au vya kauri. Plastiki haifai hapa, kwa sababu haivunjiki, na kitu kisichovunjika hakimfundishi mtoto kukishika kwa uangalifu. Jaza kimoja maharage makavu mpaka nusu, kiweke upande wa kulia wa sinia. Kisha mwite mtoto kwa jina lake, umwambie una kitu cha kumwonyesha. Mwache abebe sinia mwenyewe kwa mikono miwili. Kaa upande wa kulia kwake kama unatumia mkono wa kulia, ili mkono wako usimzibe kuona.

Sasa funga mdomo. Hili ndilo gumu kwa sisi tuliozoea kufundisha kwa sauti. Mtoto mdogo hawezi kusikiliza maelezo na kutazama mikono kwa pamoja, na ukizungumza atakutazama usoni. Inua jagi kwa vidole vitatu kwenye mpini wake, lisogeze juu ya lile tupu, lisimamishe kidogo, mimina polepole mpaka harage la mwisho lidondoke. Rudisha jagi chini. Tazama sinia. Kama kuna harage lililodondoka, liokote kwa kidole gumba na vidole viwili, ulirudishe. Kisha mimina tena kurudi ulikotoka. Sukuma sinia mbele ya mtoto, sema "sasa wewe", na uondoke. Kuondoka ni sehemu ya somo.

Nilimwona mtoto wa miaka 4 akimimina mara 17 mfululizo. Mara tatu za kwanza alimwaga. Mara ya nne alimwaga harage moja, likaviringika mpaka mlangoni, akainuka, akalifuata, akalichukua kwa vidole vitatu na kurudi nalo kama amebeba yai. Hakuna aliyemwambia. Sinia ndiyo iliyomwambia, kwa kuwa harage lilionekana. Kazi yoyote unayoiweka rafuni iwe na sifa hiyo: kosa lionekane lenyewe, mtoto alirekebishe bila kungoja sauti yako. Katika darasa la zamani kosa analiona mwalimu peke yake, naye huliwekea alama nyekundu kesho yake.

Akishaweza maharage, mpe mchele, baadaye mchanga, mwisho maji, na pamoja na maji kitambaa cha kupangusia. Maji yakikatika mtaani, weka akiba ya bidoni moja kwa ajili ya kazi hizi kabla ya kitu kingine chochote. Mtoto wa chini ya miaka 3, au yeyote ambaye bado anapeleka vitu mdomoni na puani, asipewe maharage. Mwanzishie sponji na maji kidogo.

Kosa langu kubwa lilikuwa Jumatatu ya kwanza. Nilikuwa nimetengeneza sinia karibu 40 kwa wiki nzima, nikazipanga zote rafuni kwa furaha. Kufikia saa 3 mchele ulikuwa umechanganyika na mchanga, sponji ziko dirishani, na mimi nilikuwa nimegeuka askari. Nilichokosa ni kanuni moja: mtoto achukue kazi aliyokwisha kuonyeshwa, na asiyeonyeshwa aitazame tu. Nilitoa zote, nikabakiza 10, nikaongeza mbili tatu kila wiki kadiri nilivyokuwa nimezionyesha. Ukifika mwisho, kwa watoto 30 utahitaji kazi kama 40, ili anayechelewa kuchagua bado awe na uchaguzi.

Na ukiona mtoto anarudia kumimina wiki ya tatu huku kila kitu kingine akikikwepa, usimlazimishe, lakini pia usijiambie kwamba ni uhuru wake. Fungua kumbukumbu zako uone kama umewahi kumwonyesha kitu kingine. Mara nyingi utakuta hujamwonyesha.

Herufi, na lugha tatu za mtoto wa Buja

Mtoto wetu anasikia Kiswahili uani, Kirundi sokoni na kwa bibi, na shule nyingi za mjini zinataka aanze Kifaransa akiwa na miaka 3. Tazama kinachompata. Neno linaloandikwa kwa "ch" kwa Kiswahili linasomwa kama katika chai. Kwa Kifaransa herufi hizo mbili husomwa kama "sh". Kirundi nacho, sauti ya chai kinaiandika kwa "c" peke yake, kama katika jina Cibitoke. Herufi "u" ni moja kwa Kiswahili na Kirundi, lakini kwa Kifaransa ni sauti nyingine ambayo mdomo wake bado hauijui. Ukimpa zote tatu kwa pamoja kwa wimbo, atazikariri kama nyimbo tatu.

Kwa hiyo chagua lugha moja ya kuanzia herufi, ile anayoizungumza kwa ufasaha, Kirundi au Kiswahili. Hizo mbili zinaandikwa karibu kama zinavyosikika, na akipata moja nyingine anaipata kwa wiki chache. Darasa la kwanza la shule ya msingi litaanza kwa Kirundi, kwa hiyo hapotezi kitu. Kifaransa kibaki cha mdomo: nyimbo, salamu, majina ya vitu.

Kabla ya herufi yoyote, cheza na sauti. Weka vitu vitatu kwenye mkeka: mkeka mdogo, taa, sabuni. Sema, "Natafuta kitu kinachoanza kwa mmm." Kwa Kiswahili mchezo huu ni mwepesi, kwani sauti ya "m" katika mkeka au mti inasimama peke yake na mtoto anaisikia vizuri. Lakini ukiucheza kwa Kirundi utakwama, na nilichukua muda kuelewa kwa nini. Nomino za Kirundi nyingi huanza na vokali: umwana, amata, igitoke, ubwato. Mtoto atakupa "u", "a" na "i" siku nzima. Dawa yake ni kutumia majina ya watoto wenyewe, na vitenzi vya kuamrisha: soma, kora, genda, vuga. Hivyo huanza na konsonanti, na tena mtoto anaweza kuvitenda. Unasema, "Fanya kitu kinachoanza kwa ggg," naye anatembea.

Sasa tengeneza herufi za msasa. Zamani wazee walisugua vyombo vya mbao kwa majani ya mti wa msasa, na sisi tunatumia mchanga wa ziwa Tanganyika. Uoshe mara tatu, uanike, uuchuje kwa chujio la chai. Kata kadibodi nene, paka rangi ya bluu kwa vokali na ya waridi kwa konsonanti. Chora herufi ndogo, si kubwa, yenye urefu kama wa kiganja cha mtoto, upana wa mstari kama kidole. Ikiwa shule watakayokwenda inaandika kwa mkono wa kuunganisha, chora kwa mkono huo. Paka gundi nyeupe ya mbao ndani ya mstari, nyunyiza mchanga, acha siku nzima, kung'uta, kisha rudia mara ya pili. Pima kwa kidole chako ukiwa umefumba macho. Mchanga ukikwaruza, mtoto ataondoa kidole. Ukiteleza, hatajua kwamba ametoka nje ya mstari.

Chagua herufi tatu zisizofanana kwa umbo wala kwa sauti. Mimi huanza na "a", "m", "t". Usiweke "b" na "d" siku moja. Somo lina hatua tatu, na asili yake ni kwa Mfaransa Séguin, ambaye Montessori alijifunza kutoka kwake. Kwanza unapitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya herufi kwa mwelekeo wa kuandika, unasema sauti yake: "mmm". Sauti, si jina, usiseme "ema". Mtoto anafuata kwa vidole vyake. Hatua ya pili unamwomba: nipe "mmm", weka "a" dirishani, ficha "t" nyuma yako. Hapa kaa muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu hapa ndipo anapojifunza kweli, naye anaona ni mchezo. Hatua ya tatu unaelekeza herufi moja na kuuliza, "Hii inasemaje?" Akikosea, usisahihishe. Umewahi mno kuuliza. Funga somo kwa utulivu, kesho rudi hatua ya kwanza. Katika wimbo wa "ba, be, bi" tuliruka hatua ya pili kabisa, na ndiyo sababu yule msichana wetu alihesabu vidole.

Akishajua herufi 8 au 10, mpe herufi za kukata, zile za kadibodi za kupanga maneno kwenye mkeka. Hapa usifuate idadi ya sanduku la dukani lililotengenezwa kwa ajili ya lugha za Ulaya. Karibu kila silabi yetu inaishia na vokali. Neno samaki linataka "a" mbili, barabara linataka nne, na mtoto akiwa na maneno matano kwenye mkeka sanduku limekwisha. Kata "a" 20, "i" na "u" 15, "e" na "o" 10, konsonanti 6 kila moja. Atapanga mama, mti, bati kabla hajaweza kushika kalamu, tena kabla hajaweza kuyasoma maneno aliyoyapanga. Usishtuke. Kuandika kunatangulia kusoma katika njia hii, na kati ya hayo mawili panaweza kupita miezi.

Wazazi, na mwaka wa mwisho

Mwezi wa pili mama mmoja alikuja amebeba mtoto mgongoni, akasimama mlangoni. "Madamu, mimi nimelipa ili asome, si ili aoshe vikombe. Daftari liko wapi?" Swali lake ni la haki. Daftari ndilo ushahidi pekee aliouzoea. Nilimpa kiti, nikamwomba akae dakika 40 bila kusema na mtu. Kisha nikamwonyesha karatasi ya mwanawe. Tunza karatasi kama hiyo kwa kila mtoto: tarehe, kazi aliyoonyeshwa, kama anairudia, kama ameiweza. Nikamwonyesha pia vile vidole vitatu vinavyookota harage, kwamba ndivyo vitakavyoshika kalamu. Tangu hapo asubuhi moja kila mwezi mlango uko wazi kwa wazazi watatu, wasizidi.

Usiwaahidi zaidi ya kilichopo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu watoto wa familia maskini katika shule ya awali ya serikali huko Ufaransa uliona waliofundishwa kwa njia hii walisoma vizuri zaidi ya wenzao, lakini katika hesabu na tabia ya kujizuia tofauti haikuonekana. Na kama una watoto 45 na huna msaidizi, usianze. Utakuwa unazima moto badala ya kuonyesha kazi. Tafuta kwanza mtu wa pili, hata kama hajasomea ualimu. Huko Nakuru, shule za Corner of Hope zilianzia kambini mwa waliokimbia ghasia za uchaguzi wa 2007 na 2008, na watu wa kambini ndio waliofunzwa kuwa walimu wa Montessori. Ukitaka kusomea karibu, masista wa Kilutheri wa Ushirika wa Neema huko Moshi wamekuwa wakifundisha walimu wa njia hii kwa miaka mingi.

Kumbuka pia kwamba mtoto wako wa miaka 6 anakwenda kukaa kwenye benchi na wenzake wengi, mbele ya mwalimu mmoja na ubao mmoja. Kuanzia muhula wa mwisho tenga nusu saa kila siku kwa hao wakubwa tu. Wakae wakitazama upande mmoja. Wanakili mstari kutoka kwenye ubao ulio mbali, jambo ambalo rafu haikuwafundisha. Wainue mkono na kungoja kuitwa, na waandike maneno matano unayowatajia, wote kwa pamoja. Wengine watauliza kwa nini hawawezi kuinuka kuchukua mkeka. Waambie ukweli, kwamba shule kubwa ina desturi zake, kisha wakimaliza nusu saa yao waache warudi kazini.

Yule msichana wa "bo" alikuwa mmoja wao. Wiki ya kwanza ya mazoezi hayo niliandika ubaoni silabi sita bila mpangilio, nikaelekeza ya nne. Vidole vyake vilibaki mezani.